Lete Maneno Kwanza

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anayetoka Uganda huwa mkalimani wa ukoo, apende asipende. Mtu akijulikana nyumbani kwamba "anasoma Kiswahili chuoni", basi huletewa kila neno lililookotwa barabarani, kwenye basi la Nairobi, redioni au katika mahubiri ya mgeni. Mimi hupigiwa simu na jamaa zangu wa Masaka na Kampala angalau mara moja kwa wiki, na maswali yao mengi huwa mepesi. Lakini kuna aina moja ya swali ambayo imenishughulisha kuliko nyingine zote, nayo ni hii: mtu huuliza maana ya methali bila kuitaja methali yenyewe. "Yule mzee alitupigia methali tukacheka wote. Ilikuwa na maana gani?" Ninauliza, methali ipi? Ananijibu, "Mimi nitajuaje? Wewe ndiye unayesoma Kiswahili."

Swali la namna hii si la watu wa nyumbani pekee. Hata sisi chuoni tumewahi kuletewa karatasi ya mazoezi iliyotolewa fotokopi vibaya, iliyoanza na maneno "Eleza maana ya methali hii na matumizi yake", na chini yake pakawa na nafasi nyeupe. Wenzangu wawili walijaza ukurasa mzima. Mmoja aliandika juu ya subira, mwingine juu ya umoja. Ukisoma majibu yao utaona yana sura nzuri ya jibu la methali: inafundisha, inaonya, inahimiza. Kasoro yake ni moja tu, kwamba hayakuwa majibu ya kitu chochote.

Katika makala haya ninataka kueleza namna ninavyoshughulikia swali ambalo nukuu yake imekosekana, kwa kutumia mfano mmoja uliotokea katika ukoo wetu. Kabla ya kufika huko, sharti nieleze kwanza kwa nini methali za Kiswahili hukosekana kwa urahisi hivyo, na kwa nini hali ya mambo peke yake haitoshi kuzirudisha.

Sababu ya kwanza ni kwamba waswahili wenyewe hawazisemi zote. Methali nyingi za Kiswahili zina vipande viwili: kipande cha kwanza kinatoa wazo, cha pili kinalikamilisha. Msemaji wa pwani anayezungumza na mwenziwe husema kipande cha kwanza tu, kisha hunyamaza. "Mchelea mwana kulia..." anasema, na waliopo wanatikisa vichwa, maana kila mmoja amekwisha kusema moyoni "hulia yeye". Kwake yeye kunyamaza huko ni heshima kwa msikilizaji. Ni kama kumwambia, wewe ni mwenzetu, unajua. Kwa mgeni ni ukuta. Mganda aliyesimama pale amesikia maneno matatu tu: mtu anayeogopa mtoto asilie. Hapo hakuna onyo lolote, kwa sababu onyo lote limo katika kipande ambacho hakikusemwa.

Na kipande cha kwanza pekee hakiongozi mahali pamoja. Ukisikia "Mtaka..." kisha kelele za soko zikafunika yaliyobaki, unayo methali ya mtu wa kuinama chini ya kitanda, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame", na unayo pia "Mtaka yote hukosa yote". Ya kwanza inamwambia mtu ajitaabishe apate. Ya pili inamwambia apunguze tamaa. Anayeuliza "ile methali ya mtaka ina maana gani" ameomba mambo mawili yanayokaribia kupingana.

Watu wengi hudhani kwamba jibu ni kutazama hali: methali ilisemwa wapi, na nani, kuhusu nini. Hali inasaidia, lakini haitoshi, na sababu yake ni kwamba kila hali ina methali zaidi ya moja. Kijana anachelewa kuamua jambo. Mzee mmoja atamwambia "Haraka haraka haina baraka", ajipe nafasi. Mzee wa pili, katika jambo lile lile, siku ile ile, atamwambia "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Ukinieleza hali tu, kwamba kijana alikuwa anasitasita na mzee akasema methali, siwezi kujua alisukumwa au alizuiwa. Hali inatuonyesha jambo lililozungumziwa. Upande alioushika msemaji umo katika maneno yake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyatafuta maneno. Hapa lugha zetu za Kibantu zina zawadi ambayo mara nyingi hatuithamini: upatanisho wa kisarufi. Neno likiondoka, huacha alama yake kwenye maneno yaliyobaki. Sisi Waganda tuna methali isemayo "Agali awamu ge galuma ennyama", yaani yaliyo pamoja ndiyo yanayotafuna nyama. Tazama kwamba meno hayakutajwa popote. Hakuna neno "amannyo" katika methali nzima. Lakini kila Mganda anajua kwamba ni meno, kwa sababu kiambishi "ga" kinarudiarudia kutangaza ngeli ya kitu kilichoachwa. Kiswahili hufanya vivyo hivyo. Katika "La kuvunda halina ubani", jambo lenyewe halikutajwa, bali "la" na "hali-" zinalidokeza. Katika "Cha mlevi huliwa na mgema", "cha" inasimama badala ya kitu. Mababu waliotuachia methali hizi waliamini kwamba upatanisho unatosha kubeba kitu kisichotajwa. Nami nimejifunza kuutumia kinyumenyume: pale ambapo neno halikuachwa kwa makusudi bali limepotea, upatanisho hunionyesha lilikuwa la ngeli gani.

Sasa nije kwenye mfano wangu.

Dada yangu mkubwa ameolewa na kijana wa Mombasa anayefanya kazi Kampala. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, mama mkwe wake alisafiri kwa basi kutoka Mombasa akaja kukaa naye siku 40 za uzazi. Alimkanda kwa maji ya moto, akamfunga mkaja tumboni, akamwogesha mtoto. Dada yangu hajui Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni, na mama mkwe hajui Kiganda hata kidogo, kwa hiyo mengi kati yao yalipita kwa ishara na kwa shemeji pale alipokuwepo. Siku ya kuondoka, mama mkwe alitoa leso mpya, akaikata doti, akampa dada yangu kipande kimoja na kile cha pili akakirudisha katika mkoba wake.

Wasomaji wasiotumia leso naomba wanivumilie kidogo, maana maelezo haya ndiyo yatakayotoa jibu. Leso, ambayo Watanzania huiita kanga nasi Uganda tunaiita leesu, huuzwa mbili mbili. Vipande hivyo viwili huitwa doti, navyo ni sawa kabisa kwa rangi, kwa michoro na kwa maneno. Kila kipande kina upana wa takriban sentimita 150 na kimo cha sentimita 110 hivi. Pembeni kuna pindo linalozunguka pande zote 4, katikati kuna mji, na chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini, kuna jina. Jina ni maneno ya leso: methali, dua, kijembe, salamu. Huchapishwa katikati ya upana, hivi kwamba nafasi ya kushoto kabla ya herufi ya kwanza inakuwa karibu sawa na nafasi ya kulia baada ya herufi ya mwisho.

Dada yangu hakulijua hilo la jina. Kwake leesu ni kitambaa cha kumbebea mtoto mgongoni. Aliiona ni pana mno, akaikata kwa mkasi kuanzia juu hadi chini, akabaki na kipande kikubwa na kidogo, kisha akapinda kingo zilizokatwa akazishona kwa cherehani. Kile kikubwa kilichukuliwa na msichana wake wa kazi alipokwenda likizo kijijini, wala hakikurudi. Kidogo kikabaki cha kumfunikia mtoto.

Miezi kadhaa baadaye alifika jirani mmoja, mama aliyewahi kuishi Nairobi miaka mingi, akaona maneno yaliyobaki kwenye ukingo wa kile kipande. Akauliza leso ilitoka wapi. Aliposikia kwamba imetoka kwa mama mkwe, akaguna. Alimwambia dada yangu kwamba maneno hayo yanahusu uzazi, na kwamba maana yake ni "uzazi ungekuwapo". Yaani ungekuwapo, lakini haupo. Akaongeza kwamba wanawake wa pwani husema kwa leso yale ambayo midomo haithubutu kuyasema.

Usiku huo dada alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Leesu ya nnyazaala wangu ina maneno," alisema. "Yana maana gani? Niambie kweli. Ananiombea nisizae tena?" Nilimuuliza maneno yenyewe ni yapi. Akasema hajui, yamekatwa, lakini jirani amekwisha kumweleza, anachotaka kwangu ni kuthibitisha tu. Safari ya kwenda Mombasa mwezi wa Desemba ilikuwa imekwisha kupangwa, mtoto apelekwe kwa bibi yake. Aliniambia kwamba kama jirani amesema kweli, hatakwenda, na mtoto hatakwenda, na shemeji ataelezwa sababu.

Nilimwomba jambo moja tu: asome herufi zilizobaki, moja moja, bila kujaribu kuzifahamu. Akasoma: A, Z, I, kisha nafasi, kisha U, N, G, A, L, I, P, O. Akasema pia kwamba pembeni kabisa, kwenye ukingo wa kitambaa, kuna maandishi madogo "MALI YA ABDULLA", na jirani alishindwa kuyaeleza ila alitilia shaka kwamba huenda Abdulla ni mwanamume fulani. Hilo niliweza kulimaliza papo hapo. Hiyo ni alama ya wenye kuchapisha leso, ya tangu zamani huko Mombasa, na huonekana katika leso nyingi mno. Si sehemu ya jina wala haimhusu anayeivaa.

Tukabaki na "...AZI UNGALIPO". Nilianza na neno la mwisho kwa sababu lilikuwa zima, na kwa sababu ndilo lililomtisha dada. Jirani alikuwa amelisoma kwa Kiswahili cha masharti kinachofundishwa shuleni: angalikuja, tungalimpokea. Lakini "-ngali-" ya masharti hushika shina la kitenzi. Ili kusema kwamba kitu kingekuwapo lakini hakikuwapo, lazima kitenzi "kuwa" kionekane: "ungalikuwapo". Katika "ungalipo" hakuna kitenzi kati ya "ngali" na "po". Hii ni "ngali" nyingine, ya zamani, yenye maana ya "bado": angali mtoto, tungali hapa. Wazee waliituma katika methali "Udongo uwahi ungali maji", yaani uufinyange wakati bado uko majimaji. Basi "ungalipo" maana yake ni "bado upo". Jirani alikuwa ameugeuza uhai kuwa mauti kwa kuchanganya "ngali" mbili.

Kisha neno lililokatwa. Ni maneno mengi yanayoishia kwa "-azi": kazi, nazi, ngazi, mzazi, mnazi, uzazi. Hapa ndipo upatanisho ulipofanya kazi yake. Kazi, nazi na ngazi zingedai "ingalipo". Mzazi angedai "angalipo". Kiambishi "u" kilichobaki kikawaruhusu wawili tu katika orodha yangu: mnazi ungalipo, au uzazi ungalipo. Nilimwomba dada afumue ule ushono wa cherehani aliopindia ukingo. Alikuwa na wembe karibu. Ndani ya mkunjo kulikuwa na herufi moja zaidi, nzima, nayo ilikuwa Z. Mnazi ukaondoka. Jirani basi alikuwa amepatia neno, ingawa alilikisia kwa kuona mtoto na mama mkwe, naye alikosea maana yake.

"Kwa hiyo ni uzazi bado upo," dada alisema taratibu. "Bado upo, halafu nini? Yaliyotangulia yanasema nini?" Hilo ndilo swali sahihi, na lilikuwa la kwanza kuuliza maneno badala ya maana. Nikamwomba atafute futi ya fundi nguo. Kama nilivyosema, jina hukaa katikati. Akapima kutoka herufi ya mwisho hadi ukingo wa kulia wa leso, ule ambao haukukatwa, akapata sentimita 45. Basi upande wa kushoto uliopotea nao ulikuwa na sentimita kama 45 tupu, na kati ya 150 zikabaki 60 za jina zima. Akapima tena kutoka ile A hadi O ya mwisho, herufi na nafasi 12 kwa jumla, akapata kama sentimita 20. Ikiwa 12 huchukua 20, basi 60 huchukua kama 36. Hesabu hii si ya uhakika wa mwisho, maana herufi I ni nyembamba na W ni pana, na leso huweza kuchapishwa ikakaa upande kidogo. Lakini ilitosha kutuambia kwamba kilichopotea hakikuwa neno moja wala mistari miwili. Ilikuwa sentensi fupi ya herufi ishirini na kitu, yenye kukamilishwa na "uzazi ungalipo".

Ninaijua methali moja tu yenye umbo hilo: "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Niliihesabu kwa vidole, herufi na nafasi. Zilikuwa 35.

Hata hivyo sikumwambia dada maana yake usiku ule. Nilimwambia methali ninayoidhania, na nikamwambia kwamba ninaidhania tu. Watengenezaji wa leso huwa na tabia ya kuigeuza methali inayojulikana ili kupata jina jipya, na herufi 35 zinaweza kuwa na "usitukane" au "usidharau" au neno jingine lenye ukali tofauti. Maneno yenyewe yalikuwepo mahali pamoja ambapo sote tulikuwa tumepasahau: katika mkoba wa mama mkwe. Doti ina vipande viwili, na maneno yake ni yale yale. Kilichokatwa Kampala kilikuwa kizima Mombasa.

Tatizo lilikuwa namna ya kuuliza. Ukimuuliza mwanamke wa pwani "leso uliyompa mkeo-mwana ina maana gani?", umemshtaki tayari, kwa sababu hakuna anayeuliza maana ya leso isipokuwa yule aliyechomwa nayo. Nikamshauri shemeji aulize maneno tu, asiulize maana. Alimpigia mama yake kesho yake jioni. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?" Akamweleza kwamba leso ya mkewe imekatwa ili kumbebea mtoto na jina limepotea, na mkewe anataka kulijua, je, ile pacha yake anayo? Mama akacheka sana. "Ninayo, nimejifunga hivi sasa." Akamsomea: Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Kisha, bila kuulizwa, akaeleza. Katika siku zile 40, dada yangu alikuwa ameukataa mkaja. Ulimbana, joto lilikuwa kali, na kwa ishara alizozijua aliufungua akautupa kitandani, akasema kwa Kiganda maneno ambayo mama mkwe hakuyaelewa ila alielewa sauti yake. Mama mkwe hakusema kitu. Alipoona leso ile kati ya zile alizozibeba kutoka Barabara ya Biashara, akaona imepata mwenyewe. "Nikasema nimtanie kidogo," alimwambia mwanawe. "Lakini nami nikajifunga pacha yake, ili ajue hatuna ugomvi. Kwani akizaa wa pili atamkanda nani kama si mimi?"

Hapo ndipo maana ilipopatikana, na ninataka wenzangu waione ilivyo. Methali kwa jumla yake inaonya mtu asimdharau anayemsaidia wakati haja ya msaada bado ipo. Hiyo ndiyo maana ambayo ningeiandika katika mtihani na kupata alama zangu. Lakini katika leso ile kulikuwa na mambo mawili zaidi. Kwanza, kulikuwa na kijembe cha kweli. Mama mkwe alikuwa ameumia, na hakuna haja ya kumfanya malaika. Pili, na hili ndilo lililomliza dada nilipomweleza, maneno yale yale aliyoyaogopa kuwa laana yalikuwa yamesimama juu ya matumaini. "Uzazi ungalipo" haina maana isipokuwa kwa mtu ambaye msemaji anaamini atazaa tena. Mama mkwe aliyemtakia ugumba asingeweza kumchagulia leso hiyo, maana onyo lake lote lingekuwa upuuzi. Ili onyo lifanye kazi, lazima mtoto wa pili aje.

Safari ya Desemba ilifanyika. Sikuwapo, lakini nimeambiwa kwamba dada alinunua doti nyingine huko Mombasa na safari hii alisomewa jina kabla ya kulipa.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linagusa namna tunavyofundishwa. Tunapokariri methali darasani, tunazikariri pamoja na maana zake kama jozi: huku methali, huku maana. Mazoea hayo hutufanya tuamini kwamba maana inaishi peke yake upande wa pili wa ukurasa, na kwamba methali ikipotea tunaweza kuifikia maana kwa njia nyingine, kwa kuangalia hali au sura ya msemaji. Jirani wa dada yangu alifanya hivyo hasa. Alikuwa na hali yote: mama mkwe, mkwe, mtoto, leso. Hata neno moja alilipatia. Alichokosa ni nusu ya sentensi, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa inaamua kama ni laana au utani wa mtu anayetaka kurudi.

Siku hizi nikiulizwa maana ya methali ambayo haikutajwa, huuliza mambo matatu kwa mpangilio huu. Kwanza, ni neno gani lolote unalolikumbuka kama lilivyotamkwa, hata kama huna hakika ni neno? Kipande kibovu cha maneno halisi hunifaa kuliko maelezo mazuri ya hali, kwa sababu kipande kina viambishi, na viambishi hukumbuka. Pili, kipande hicho kilikuwa mwanzo au mwisho, na msemaji alinyamaza ghafla au alimaliza? Akinyamaza, huenda nukuu haikupotea bali iliachwa kwa makusudi, nami ninapaswa kutafuta nusu ya pili katika vichwa vya waliokuwepo. Tatu, ni nani mwingine anayeyajua maneno hayo, na tunaweza kumuuliza maneno bila kumuuliza maana?

Yote matatu yakishindwa, humwambia anayeuliza kwamba sijui. Wengine hukasirika, hasa wazee, wakiona ada ya chuo inapotea bure. Mjomba wangu alinipigia majuzi kuuliza maana ya methali aliyoambiwa na dereva wa lori mpakani Malaba, asiyoikumbuka hata silabi moja, ila kwamba dereva aliisema huku akimrudishia chenji pungufu. Ninaweza kutaja methali 10 zinazolingana na chenji pungufu, na mjomba angeichukua ile impendezayo akaenda nayo kugombana. Nimemwomba akipita Malaba tena amtafute dereva yule, amwamkue, amwombe aiseme mara ya pili polepole, na aiandike kwenye kiganja.